Mashapo yamegoma, au yametokea pasipotakiwa: kutafuta kosa unapotofautisha SN1 na SN2

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Loleza ikiwa bado imejaa maabara yetu hapa Mbeya, mwanafunzi wa kidato cha sita aliniletea testi tyubu tatu kwenye kishikio chake. "Shikamoo mwalimu. C imechafuka ndani ya sekunde chache, halafu A bado iko kama maji. Kwenye daftari tuliandika kinyume chake." Nilizinyanyua nikazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kweli, C ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na A ilikuwa safi kabisa. Kalamu alikuwa nayo mkononi, tayari kubadilisha alichoandika ili kifanane na kitabu. Nikamwambia, "Usifute, mwanangu. Kwanza tujue imetokeaje."

Tulitumia asubuhi yote kutafuta, na tangu siku hiyo huwa nafuata utaratibu uleule. SN1 na SN2 ni njia mbili za kundi moja kuchukua nafasi ya lingine kwenye kaboni: SN2 kwa tendo moja, SN1 kwa kundi la zamani kuondoka kwanza. Njia itakayofuatwa huamuliwa na mambo matatu: umbo la molekuli inayoshambuliwa, kiyeyushi, na nyukleofili, yaani kile chenye elektroni za ziada kinachokuja kushika kaboni. Jaribio likikupa jibu la ajabu, mara nyingi mojawapo ya hayo matatu limebadilika bila wewe kujua. La nne la kuangalia huku kwetu nyanda za juu ni joto la chumba.

Jaribio lenyewe, na unachotarajia kuona

Tulikuwa na chupa tatu za bromidi. A ni 1-bromobutani, CH3CH2CH2CH2Br, ambayo kaboni yake yenye bromini ni ya daraja la kwanza, maana imeshikana na kaboni nyingine moja tu. B ni 2-bromobutani, ya daraja la pili. C ni 2-bromo-2-methilipropani, (CH3)3CBr, ya daraja la tatu, kaboni yake imezungukwa na kaboni tatu.

Kila moja hupimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza ni mililita 1 ya sodiamu iodidi ya asilimia 15 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kisha unadondosha matone mawili ya bromidi na kutikisa. Iodidi ni nyukleofili kali, na asetoni haiishiki wala haisaidii ioni kujitenga, kwa hiyo hapa SN2 ndiyo inayopendelewa: iodidi inaingia kwa nyuma ya kaboni huku bromidi ikitoka mbele, kwa tendo moja. Sodiamu iodidi huyeyuka vizuri kwenye asetoni lakini sodiamu bromidi haiyeyuki, ndiyo maana bromidi ikitoka tu unaona mashapo meupe. A hutoa mashapo ndani ya dakika chache kwenye joto la kawaida la chumba. B inahitaji kupashwa. C inatakiwa ikae kimya, kwa sababu vikundi vitatu vya methili vimeziba njia ya nyuma.

Kipimo cha pili ni mililita 1 ya silva nitreti ya asilimia 1 kwenye ethanoli, na tone moja la bromidi. Ioni ya fedha inaivuta bromini, ethanoli inazipokea ioni zinazojitenga, na hakuna nyukleofili kali ya kushambulia. Hapa SN1 ndiyo inayopendelewa: bromidi inaondoka kwanza yenyewe, inaacha kaboni yenye chaji chanya, ndipo ethanoli inapoishika. Kaboni ya daraja la tatu huvumilia chaji hiyo kuliko nyingine, kwa hiyo C hutoa mashapo ya rangi ya maziwa ya krimu papo hapo, B huchelewa, na A kwa kawaida hungoja moto.

Ukiziweka pamoja, A na C zinakwenda kinyume. Huo ndio uzuri wa kutumia vipimo vyote viwili. Kimoja peke yake hudanganya kirahisi.

A haitoi mashapo kwenye iodidi

Anza na kipimajoto. Usikisie kwa mkono, zoea la baridi linatudanganya sisi wa huku. Siku ile maabara ilikuwa nyuzi 13. Maelezo mengi ya jaribio hili yameandikwa na mtu anayefikiria chumba cha nyuzi 25. Kwa mmenyuko wa aina hii, kushuka kutoka 25 hadi 13 kunaipunguza kasi hadi theluthi au robo ya kasi ya kawaida. Kilichotakiwa kuonekana kwa dakika tatu kitakuja kwa dakika kumi, na mwanafunzi ameshamwaga.

Dawa yake ni kupasha, ila kuna jambo la huku kwetu. Maelekezo huagiza maji ya nyuzi 50. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 pwani, lakini Mbeya tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na asetoni inachemka kwenye nyuzi 50 hivi. Ukiitumbukiza testi tyubu kwenye maji ya nyuzi 50 asetoni inaanza kutoa mapovu na kuruka. Kiyeyushi kikipungua, chumvi ya iodidi yenyewe inaweza kuganda pembeni mwa glasi, nawe ukadhani umepata mashapo ya bromidi. Sisi tunatumia nyuzi 40 hadi 43. Maji hayo tunayachanganya kwenye bika kutoka kwenye chupa ya chai iliyojazwa nyumbani. Moto wa wazi usiwepo karibu kabisa, mvuke wa asetoni unashika moto ukiwa umbali wa mkono.

Kama umepasha dakika tano na A bado ni safi, angalia asetoni. Hapo ndipo tulipopata kosa letu. Ile ya maabara ilikuwa imekwisha, na mwenzangu kwa nia njema alinunua Mwanjelwa chupa ya dawa ya kutoa rangi ya kucha. Ilinuka asetoni, na kweli ina asetoni, lakini dawa za namna hiyo mara nyingi hutiwa maji na manukato. Maji yanaharibu mara mbili. Kwanza yanaficha ushahidi, kwa sababu sodiamu bromidi inayeyuka sana kwenye maji. Matone mawili ya A yakimenyuka yote hutoa chini kidogo ya gramu 0.1 ya sodiamu bromidi; maji ya matone mawili tu yana uwezo wa kubeba kiasi hicho hicho. Pili, maji yanaidhoofisha iodidi. Molekuli za maji huizunguka na kuishika kwa vifungo vya hidrojeni, na nyukleofili iliyoshikwa hivyo haina wepesi wa kushambulia. Mwanafunzi anadhani ana iodidi kwenye asetoni, kumbe kiyeyushi kimebadilika na nyukleofili imebadilika nacho.

Kujua ni rahisi. Pasha fuwele chache za kopa salfeti ya bluu kwenye kijiko cha chuma mpaka ziwe unga mweupe, ziache zipoe, kisha tia unga kidogo kwenye asetoni unayoitilia shaka. Ukirudi kuwa wa bluu, kuna maji. Asetoni iliyopata maji kidogo unaweza kuikausha kwa potasiamu kaboneti isiyo na maji: itie, funika, acha usiku kucha, kisha imimine taratibu uache unga chini. Usitumie kalsiamu kloridi, ambayo wengi huikimbilia, kwa kuwa inaungana na asetoni yenyewe. Ile ya kucha hatukujisumbua nayo, manukato yake hatuyajui.

Angalia pia testi tyubu. Iliyosuuzwa sasa hivi na kupinduliwa kwenye kishikio ina matone ukutani, na umeona matone mawili yanatosha. Na kama myeyusho wa iodidi wenyewe umekuwa wa kahawia, umezeeka: mwanga na hewa vimetoa iodini. Manjano hafifu inavumilika. Kahawia tengeneza upya, na utunze kwenye chupa ya rangi.

C inatoa mashapo kwenye iodidi, tena haraka

Hili ndilo lililomtikisa yule mwanafunzi, na nalipa uzito kwa sababu linaonekana kama limeivunja nadharia. Kaboni ya daraja la tatu imeshambuliwa kwa nyuma? Haiwezekani. Basi bromidi ile imetoka wapi?

Fikiria kwanza kasi yake. A ikiwa kwenye hali nzuri kabisa huchukua dakika. C ilichukua sekunde, tena kwenye baridi, tena kwenye asetoni yenye maji. Kitu kinachoganda papo hapo namna hiyo kwa kawaida ni ioni inayokutana na ioni, na hakikuhitaji kuvunja kifungo cha kaboni na bromini hata kimoja. Maana yake bromidi ilikuwa imeshatoka kabla hatujaanza, ndani ya chupa.

Bromidi ya daraja la tatu haizeeki vizuri. Taratibu hupoteza hidrojeni bromidi na kubaki na kiasi kidogo cha alkeni. Unyevu ukiingia, inamenyuka nao pia na kutoa asidi hiyohiyo. Hidrojeni bromidi ikidondoka kwenye sodiamu iodidi ya asetoni, sodiamu bromidi inaanguka hapo hapo. Siku ile kiasi chake kilikuwa kikubwa hata maji ya asetoni yakashindwa kukificha chote.

Tulifungua chupa, nikashika karatasi ya litmasi ya bluu iliyoloweshwa juu ya mdomo wake bila kuigusisha. Ikawa nyekundu kabla sijahesabu tano. Chupa ya A haikuibadilisha.

Kuisafisha ni kazi ya dakika chache, ila ifanywe kwa haraka na kwa ubaridi, maana C inamenyuka na maji yenyewe. Mimina mililita 5 za C kwenye funeli ya kutenganishia, ongeza mililita 5 za sodiamu baikaboneti ya asilimia 5 iliyopozwa, tikisa kidogo huku ukifungua bomba mara kwa mara kutoa gesi ya kabonidioksidi. Acha matabaka yatengane. Hapa watu wengi humwaga tabaka lisilo. Bromidi hii ni nzito kuliko maji, inakaa chini. Kama ungetumia kloridi yake, (CH3)3CCl, ingekuwa nyepesi kuliko maji na ingekaa juu. Ukiwa na shaka, dondosha tone la maji na utazame linajiunga na tabaka gani. Litie tabaka la chini kwenye chupa kavu yenye sodiamu salfeti isiyo na maji, lisubiri mpaka ukungu uishe, kisha litumie siku hiyohiyo.

Tulirudia na asetoni safi ya kukopa kutoka shule jirani, kwenye maji ya nyuzi 42. A ilianza kuchafuka baada ya dakika moja na nusu. C iliyosafishwa ilikaa safi kwa dakika tano zote. Yule mwanafunzi aliishika mwenyewe, akaigeuzageuza mbele ya dirisha, asiamini.

Kuna mpaka mmoja. Ukiendelea kuipasha C kwa muda mrefu, hata ikiwa safi inaweza kuanza kupata ukungu, kwa kuwa inajigawa yenyewe taratibu au inapoteza hidrojeni bromidi. Kwa hiyo weka muda kabla ya kuanza, dakika tano, na ushikilie huo. Mashapo ya dakika ya ishirini hayakwambii lolote kuhusu SN2.

Kwenye silva nitreti zote tatu zinachafuka mara moja

Hapa karibu kila mara ni maji ya kusuuzia. Maji ya bomba yana kloridi, na silva kloridi huonekana hata kwa kiasi kidogo sana. Tayarisha testi tyubu ya nne yenye silva nitreti ya ethanoli peke yake, bila bromidi. Ikipata ukungu, kosa ni la glasi au la ethanoli. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kisha kwa ethanoli, kausha. Ukitumia maji ya betri, hakikisha ni yale ya kuongezea yasiyo na asidi. Maduka mengine huviita vyote viwili jina moja, basi pima kwa litmasi kwanza.

Kama ya nne ni safi na A bado inachafuka papo hapo, tazama kitonesho. Kilichotoka kwenye C kikaingia A kimeshahamisha kinachomenyuka haraka kuliko vyote. Kila chupa na kitonesho chake.

B inajibu kote kote, polepole

Wanafunzi huniletea B kama kosa, nami nawaambia hapa hakuna kosa. Daraja la pili limesimama katikati: njia ya nyuma imezibwa kiasi, na chaji chanya inavumilika kiasi. Molekuli yenyewe haikupi uamuzi, kwa hiyo uamuzi unahamia kwenye kiyeyushi na nyukleofili.

B ileile kwenye asetoni pamoja na iodidi, ukiipasha, inapita SN2. Ioni hazina wa kuzipokea kwenye asetoni, na iodidi iko huru na ina nguvu. Ihamishie kwenye ethanoli yenye silva nitreti, iodidi haipo tena, kilichobaki ni ethanoli ambayo ni nyukleofili dhaifu, na kiyeyushi kinapokea ioni vizuri. Inaelekea SN1. Kwenye mtihani swali la daraja la pili likija bila kutaja kiyeyushi, usijaze kwa mazoea. Andika inategemea nini na useme kila hali ingeipeleka wapi.

Ongeza tahadhari hii: ukiipa B besi kali kama potasiamu hidroksidi kwenye ethanoli ya moto, sehemu kubwa haibadilishi kundi hata kidogo, inapoteza hidrojeni bromidi na kuwa buteni. Hapo umeshatoka kwenye swali la SN1 na SN2.

Ni daraja la kwanza, lakini haifuati A

Mbili zinatosha kukumbuka. 1-bromo-2,2-dimethilipropani ni ya daraja la kwanza kwa hesabu, lakini kaboni ya jirani imebeba methili tatu zinazoziba njia ya nyuma. Inagoma kwenye iodidi, na kwenye silva nitreti nayo ni nzito. Kloridi ya benzili iko upande wa pili: daraja la kwanza pia, lakini inajibu haraka kwenye vipimo vyote viwili, kwa kuwa njia ya nyuma iko wazi na pete inaisaidia kubeba chaji. Inachoma macho vibaya, isifunguliwe kwenye chumba kisicho na hewa. Bromobenzini, ambayo bromini yake imeshikana na pete yenyewe, haijibu kokote.

"Kuna hidroksidi, kwa hiyo ni SN2"

Kosa hili liko kichwani, na ndilo ninaloliona zaidi kwenye karatasi. Mwanafunzi anaona (CH3)3CCl na NaOH, anaona nyukleofili kali, anachora mshale wa SN2 bila kutazama kaboni. Kumkatalia kwa maneno hakusaidii, nampa saa apime sekunde. Wanakemia Edward Hughes na Christopher Ingold walijenga hoja yao ya SN1 na SN2 kwa njia hii London miaka ya 1930: walipima kama kasi inaifuata nyukleofili au haiifuati.

Tayarisha kloridi hiyo ya 0.1 M kwenye asetoni, na NaOH ya 0.1 M kwenye maji yaliyotoneshwa. Katika kopo la kwanza weka mililita 0.3 za NaOH, mililita 6.7 za maji na tone la fenoftalini. Itakuwa ya waridi. Katika la pili weka 0.6 za NaOH na 6.4 za maji, ili maji yote yabaki mililita 7. Mimina mililita 3 za kloridi kwenye kila moja, tikisa, na uhesabu sekunde mpaka waridi iishe. Kopo la kwanza linakoma pale asilimia 10 ya kloridi inapokuwa imemenyuka, la pili kwenye asilimia 20.

Kabla ya kumimina mwambie mwanafunzi aandike utabiri wake. Kama hidroksidi inashiriki kwenye hatua ya polepole, kuiongeza mara mbili kunaongeza kasi pia, kwa hiyo muda wa kopo la pili utazidi kidogo tu. Kama kloridi inajigawa yenyewe kwanza bila kuingoja hidroksidi, kasi haibadiliki na kazi ni mara mbili, basi muda utakuwa mara mbili na zaidi kidogo. Hesabu inatoa 2.1.

Yule mwanafunzi aliandika kwamba muda utazidi kidogo. Mchana ule jua lilikuwa limeingia madirishani na kopo lilikuwa nyuzi 20. La kwanza lilipoteza rangi kwa sekunde 71. La pili tulilitazama likipita 71, likapita 100, waridi ikiwa bado ipo. Lilififia kwenye sekunde ya 150. Alichukua kikokotoo, akagawa, akarudia mara ya pili, kisha akaenda kwenye daftari kuuandika upya mshale wake, safari hii akianza na kloridi kuondoka.